Kijiti mkononi, topirameti mkobani

Swali ambalo lilipaswa kuwa la kwanza niliulizwa katika wiki ya 14 ya matibabu, na aliyeniuliza hakuwa daktari. Alikuwa mfamasia, mama wa makamo, katika duka la dawa nililolizoea hapa Tanga. Siku hiyo ya Mei 2024 nilikuwa nimekwenda kununua topirameti ya mwezi uliofuata. Nilimwamkia, akaitika, akaisoma karatasi yangu ya dawa kwa muda mrefu kuliko kawaida, kisha akauliza kwa sauti ya chini ili waliokuwa nyuma yangu wasisikie: "Mwanangu, unatumia njia gani ya uzazi wa mpango?" Nilimwonyesha mkono wangu wa kushoto, mahali kijiti kilipokuwa chini ya ngozi, nikidhani kwamba nimemaliza mjadala. Yeye ndipo akafungua mlango wa pembeni na kuniambia niingie niketi.

Kabla ya kueleza alichoniambia, sharti nieleze nilivyofika hapo. Kipandauso changu kilianza nikiwa na umri wa miaka 19. Kwanza huona mstari wa meno meno unaong'aa pembeni mwa jicho, ukakua taratibu hadi kufunika nusu ya kile ninachokitazama. Baada ya dakika 20 hivi mstari hutoweka, na maumivu huanza nyuma ya jicho la kulia yakidunda pamoja na mapigo ya moyo, yakifuatana na kichefuchefu na kuchukia mwanga. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili katika shule ya sekondari, na hakuna mahali penye mwanga na kelele kama darasa la wanafunzi 60 saa sita mchana. Januari 2024, kwa agizo la daktari wa mishipa ya fahamu, niliandika kila siku ya maumivu katika daftari. Mwisho wa mwezi zilikuwa siku 11, na katika siku 9 kati ya hizo nilikuwa nimemeza vidonge vya mchanganyiko wenye kafeini. Daktari aliniambia kwamba vidonge vya aina hiyo vikifika siku 10 au zaidi kila mwezi huanza vyenyewe kuzaa maumivu ya kichwa, na kwamba nilikuwa nimesimama ukingoni. Nilihitaji dawa ya kumeza kila siku ili maumivu yasije, badala ya kuyakimbiza yanapokuwa yameshafika.

Dawa za namna hiyo si nyingi. Propranololi, ambayo wengi huanzishiwa, ilikataliwa kwa sababu nina pumu, na dawa hiyo inaweza kubana njia za hewa za mtu mwenye pumu. Amitriptilini nilikwisha kuitumia mwaka uliotangulia. Ilinipa usingizi uliodumu hadi kipindi cha tatu asubuhi na kuniongezea kilo 6. Ikabaki topirameti. Hii ni dawa ya kifafa kwa asili, na Marekani iliidhinishwa kuzuia kipandauso mwaka 2004. Jambo hili la asili yake si dogo mitaani kwetu. Mama mkwe wangu aliposikia jina la kifafa likitajwa alininunia wiki nzima, akiamini kwamba nilikuwa nimemficha ugonjwa kabla ya ndoa.

Daktari alinipima kwa maswali mazuri. Aliuliza kama nimewahi kuwa na mawe kwenye figo, kama katika ukoo wetu kuna presha ya macho, na kama nimewahi kuzama katika huzuni nzito au kufikiria kujidhuru, kwa kuwa dawa hii inaweza kuamsha hali hiyo. Alichukua damu kupima figo na kiwango cha baikaboneti, kemikali inayozuia damu isiwe na asidi nyingi. Hakuuliza kama ninaweza kupata mimba. Nilikuwa na umri wa miaka 34, nimeolewa, nina mtoto mmoja wa miaka 5. Simsemi kwa ubaya, maana kwa mengine yote alinihudumia kwa makini. Ninaandika tu kwamba swali hilo halikuulizwa, na mimi sikujua kwamba lilikuwepo.

Nilianza tarehe 5 Februari 2024. Wiki ya kwanza nilimeza miligramu 25 usiku. Wiki ya pili 25 asubuhi na 25 usiku, wiki ya tatu 25 asubuhi na 50 usiku, na wiki ya nne 50 asubuhi na 50 usiku, yaani miligramu 100 kwa siku, ambacho ndicho kiwango cha kawaida kwa kipandauso. Daktari alisisitiza kwamba ngazi hizo zisirukwe, kwa kuwa anayeanza na kiwango kikubwa huzidiwa na maudhi ya dawa na kuiacha kabla haijafanya kazi. Aliniambia pia kwamba nisiihukumu kabla ya kukaa nayo miezi miwili au mitatu katika kiwango kamili.

Siku ya nne vidole vyangu vilianza kuchonyota kana kwamba nimekaa vibaya mguu ukafa ganzi, ila ganzi hiyo ilikuwa katika ncha za vidole vya mikono, kisha ikahamia miguuni na siku nyingine kwenye midomo. Nilipoosha vyombo kwa maji baridi ilizidi. Nilishtuka nikidhani ni kiharusi, lakini kiharusi hakigawi mikono yote miwili sawasawa, wala hakiji na kuondoka mara kumi kwa siku. Katika kiwango cha miligramu 100, takriban nusu ya watumiaji hupata hali hii, na kwa wengi hupungua baada ya wiki kadhaa. Yangu ilipungua mwezi wa tatu.

La pili lilinichekesha. Kwenye harusi ya binamu yangu niliwekewa soda baridi, nikainywa, nikairudisha nikisema imeachwa wazi tangu jana. Wakanifungulia nyingine mbele ya macho yangu, nayo ilikuwa maji ya sukari yenye ladha ya bati. Kumbe kosa lilikuwa ulimini mwangu. Topirameti huzuia kimeng'enya kimoja kinachohusika na gesi ya kaboni mwilini, na kimeng'enya hicho hicho ndicho kinachouwezesha ulimi kuhisi mchomo wa gesi iliyomo kwenye soda. Kuzuiwa kwa kimeng'enya hicho ndiko pia kunakoweza kuifanya damu iwe na asidi zaidi kidogo, na ndiko kunakoubadilisha mkojo uwe rahisi kujenga mawe. Kwa hiyo soda iliyopoa, kipimo cha baikaboneti na ushauri wa kunywa maji ni mambo yenye shina moja, na nilipolielewa hilo niliacha kuyachukulia kama orodha ya vitisho.

Kuhusu maji ninakiri udhaifu. Walimu wengi wa kike tumezoea kutokunywa maji kazini, kwa sababu vyoo viko mbali na vipindi vinafuatana. Kwa mtu anayemeza topirameti tabia hiyo ni hatari, hasa katika joto la pwani, kwa kuwa dawa inaweza pia kupunguza jasho na mwili ukashindwa kujipoza. Mawe ya figo huwapata mtu mmoja au wawili kati ya watu wazima 100 wanaoitumia. Nilibeba chupa ya lita moja na nusu, nikahakikisha imekwisha kabla ya kengele ya kurudi nyumbani, na nyingine nikainywa jioni. Alama yangu ilikuwa rangi ya mkojo: ukiwa mweupe au wa manjano hafifu sikuwa na wasiwasi, ukikolea nilijua nimezembea. Maumivu makali ya kiunoni yanayoshuka kuelekea kinenani, au damu kwenye mkojo, yangenipeleka hospitali, lakini hayakutokea. Hayakutokea pia maumivu ya ghafla ya jicho pamoja na kuona ukungu, dalili ambayo daktari aliniambia nisingoje hata asubuhi kama ikinijia, kwa sababu presha ya jicho inaweza kupanda ghafla, mara nyingi ndani ya mwezi wa kwanza, na kuharibu uwezo wa kuona.

Lililonitesa hasa ni maneno. Katikati ya Machi, nikiwa nimefika miligramu 100, nilisimama mbele ya kidato cha tatu nikifundisha uambishaji, nikaandika neno ubaoni, nikaelekeza kidole kwenye sehemu ya mwanzo, na jina la ile sehemu halikuja. Nilikuwa nimelifundisha neno kiambishi kwa miaka 10. Nililijua, nililiona kana kwamba liko nyuma ya pazia, ila halikutoka. Mwanafunzi mmoja wa mbele alilitaja akidhani ninawajaribu, nami nikamshukuru kwa namna ambayo hakuielewa. Wiki hiyo hiyo niliiita chaki "kile cha kuandikia", na nikajumlisha alama za mtihani wa darasa zima vibaya, kosa ambalo mwalimu wa taaluma aliligundua kabla ya matokeo kubandikwa. Nilisoma mara mbili barua ya nusu ukurasa bila kushika kilichosemwa.

Uzito huu wa akili ni miongoni mwa sababu kubwa za watu kuiacha dawa hii, na huenda sambamba na kiwango. Hauji kwa kila mtu, na kwa wengi huondoka kiwango kinapopunguzwa au dawa inapoachwa. Nilirudi kwa daktari na daftari langu mkononi. Februari maumivu yalikuwa siku 10, Machi siku 7. Dawa ilikuwa inafanya kazi, na ndiyo maana sikutaka kuitupa, lakini mwalimu wa lugha asiyepata maneno ni kama fundi seremala asiyeona msumari. Tulikubaliana nishuke hadi miligramu 75, yaani 25 asubuhi na 50 usiku, ili sehemu kubwa ya dawa ipite nikiwa nimelala. Katika wiki tatu maneno yalirudi karibu yote. Aprili ilikuwa siku 5 za maumivu, chini ya nusu ya Januari, na daktari alisema kwamba kupungua kwa nusu ndicho kipimo wanachokitumia kuamua kama dawa imefaulu. Takriban nusu ya watumiaji hufikia hapo. Nusu nyingine hawafiki, na hao hawana sababu ya kuendelea kuvumilia ganzi na usahaulifu.

Uzito wa mwili nao ulishuka kutoka kilo 68 hadi 65, kwa sababu chakula kilikuwa kimepoteza mvuto. Wenzangu katika ofisi ya walimu walinipongeza. Nitalirudia jambo hili, maana lilizaa neno.

Sasa turudi katika kile chumba cha pembeni cha duka la dawa. Mfamasia alianza na kijiti. Kijiti huachia homoni kidogo kidogo kila siku, na uwezo wake wa kuzuia mimba unategemea kiwango hicho kidogo kisishuke. Topirameti huliamsha ini liharakishe kuzivunja homoni hizo. Athari hiyo hujulikana wazi zaidi katika kiwango cha miligramu 200 kwa siku na kuendelea. Katika 75 au 100 ni ndogo zaidi. Hata hivyo, alisema, miongozo ya sasa haitaki mwanamke ategemee kijiti, vidonge vya majira vya aina yoyote, kiraka au pete akiwa anameza topirameti kwa kiwango chochote kile, kwa sababu bei ya kukosea ni kubwa mno. Nilimuuliza bei hiyo ni ipi.

Alinieleza bila kunitisha, kwa kuhesabu watoto 100. Wanawake wasiotumia dawa hii wakizaa watoto 100, mtoto mmoja hadi watatu huzaliwa na kasoro ya maumbile. Kwa waliotumia topirameti wakiwa na mimba, wanaozaliwa na kasoro ni 4 hadi 9. Kasoro inayojulikana zaidi ni mpasuko wa mdomo wa juu au wa kaakaa, ule ambao watu huuita mdomo sungura, na kwa watoto wa kiume tundu la mkojo kukaa mahali pasipo pake. Watoto wadogo kuliko inavyotarajiwa kwa umri wa mimba ni takriban 18 kati ya 100, ikilinganishwa na 5. Kilichonikaza moyo zaidi ni suala la wakati. Mdomo wa mtoto huungana kati ya wiki ya nne na ya saba ya mimba. Katika wiki hizo wanawake wengi hawajajua kwamba wana mimba, na mimi ningekuwa wa mwisho kujua, kwa kuwa kijiti kilikuwa kimeivuruga hedhi yangu kwa miaka miwili. Ilikuwa inakuja baada ya siku 20, kisha isije kwa siku 70. Kuchelewa kwa hedhi hakukuwa na maana yoyote kwangu. Hata siku ile nilikuwa sijaiona kwa wiki saba, nami sikuwa nimelifikiria jambo hilo hata mara moja.

Kisha akaongeza jambo la akili ya mtoto. Mwaka 2022 ulichapishwa utafiti uliotumia kumbukumbu za afya za nchi tano za Kaskazini ya Ulaya, uliofuatilia watoto hadi umri wa miaka 8. Miongoni mwa watoto wa mama wenye kifafa waliotumia topirameti katika mimba, usonji ulionekana kwa asilimia 4.3 na ulemavu wa akili kwa asilimia 3.1, ilhali kwa watoto ambao hawakuguswa na dawa za kifafa tumboni, usonji ulikuwa asilimia 1.5 na ulemavu wa akili 0.8. Utafiti wa Marekani wa mwaka 2024, baada ya kulinganisha mama wanaofanana kwa magonjwa na hali zao, haukuona ongezeko kubwa la usonji kwa topirameti. Nilipenda kwamba aliniambia vyote viwili. Hata tukiliweka kando suala la usonji, mdomo na kaakaa havina mjadala, na mamlaka za dawa zimekwisha kuamua: Umoja wa Ulaya mwaka 2023 na Uingereza Juni 2024 zilitangaza kwamba topirameti isitumike kabisa kwa kipandauso wakati wa mimba, na kwamba mwanamke anayeweza kupata mimba asipewe bila kupimwa mimba kwanza, kuwa na njia ya uhakika ya kuzuia mimba katika matibabu yote na angalau wiki nne baada ya kidonge cha mwisho, na kuzungumza upya na daktari kila mwaka kuhusu hatari hiyo. (Tangazo la Uingereza lilitoka wiki chache baada ya mazungumzo yetu, yeye mwenyewe ndiye aliyeniletea habari zake.)

Nilinunua kipimo cha mimba palepale. Nyumbani nilimweleza mume wangu, naye akanyamaza kidogo, kisha akauliza kama kidonge cha usiku huo nimeze au nisimeze. Lilikuwa swali la haki. Mfamasia alikuwa ameniambia kwamba kwa mtu wa kipandauso, kipimo kikionyesha mimba, topirameti husimamishwa mara moja na daktari hutafutwa siku hiyo hiyo. Alitahadharisha pia kwamba maneno hayo si ya mwenye kifafa: huyo akiacha ghafla anaweza kupata degedege litakalomwua yeye na mtoto, hivyo hamezi wala haachi kwa uamuzi wake, bali hukimbilia kwa daktari dawa ikiwa mkononi. Asubuhi kipimo kilionyesha mstari mmoja. Sikulala kwa furaha hata hivyo, kwa sababu kipimo hakiioni mimba ya siku chache zilizopita. Tulitumia kondomu kwa wiki tatu, nikapima tena, ukatoka mstari mmoja tena, na hapo ndipo jibu likawa jibu.

Uchaguzi uliobaki ulikuwa finyu kuliko nilivyodhani. Vidonge vya majira vyenye homoni mbili nilikuwa nimezuiwa tangu zamani, hata kabla ya topirameti, kwa sababu ya ule mstari wa meno meno: mwenye kipandauso kinachotanguliwa na vimulimuli, akitumia estrojeni, huongeza hatari ya kiharusi. Dada muuguzi katika kliniki ya uzazi wa mpango aliniuliza kuhusu vimulimuli kabla ya kitu chochote, nami nikamheshimu kwa hilo. Vidonge vya homoni moja na kijiti vilikuwa vimeondolewa na topirameti. Zikabaki njia tatu: lupu ya shaba, ambayo haina homoni kwa hiyo ini halina cha kuvunja, koili yenye homoni, ambayo hufanya kazi mle mle ndani ya mji wa mimba, na sindano ya miezi mitatu, ambayo muuguzi alisema kwa mtu anayemeza topirameti huambatana na kondomu. Nilimuuliza kuhusu P2, ile ya dharura, kwa kuwa wengi huiona kama akiba ya mwisho. Alisema nayo hudhoofishwa na topirameti, na kwamba ikitokea dharura, lupu ya shaba ikiwekwa ndani ya siku tano ndiyo kinga ya uhakika.

Nilichagua lupu. Iliwekwa, kisha siku hiyo hiyo kijiti kikatolewa. Muuguzi alinitayarisha kwamba hedhi ingekuwa nzito na yenye maumivu kwa miezi mitatu hadi sita, na ilikuwa hivyo kweli. Kwa mwenye kipandauso hilo lina gharama yake, maana maumivu yangu hupenda kuja siku mbili kabla ya damu. Agosti na Septemba zilikuwa na siku 6 kila mmoja. Kiwango cha damu kilipimwa, kikawa kimeshuka kidogo, nikapewa vidonge vya madini ya chuma. Kufikia Novemba hedhi ilikuwa imetulia, na kwa mara ya kwanza katika miaka kadhaa ilikuwa na tarehe, jambo ambalo katika hali yangu lilikuwa kinga nyingine: sasa ikichelewa, ningejua.

Daktari wangu nilimweleza yote katika miadi ya Juni. Alisikiliza, akachukua jalada langu, akaandika kwenye ukurasa wa kwanza aina ya uzazi wa mpango na tarehe ya kipimo cha mimba. Miadi iliyofuata swali hilo lilikuwa la kwanza.

Mwanzoni mwa 2025 mimi na mume wangu tuliamua kutafuta mtoto wa pili, na ilinibidi nihesabu kinyumenyume. Mpango ulikuwa hivi: kwanza dawa iondoke, kisha wiki nne zipite, kisha lupu itoke. Anayeanza kwa kutoa lupu na kudhani kwamba ataacha dawa "akishika" anakuwa amezipoteza zile wiki za mdomo na kaakaa. Topirameti haikatwi siku moja; nilishuka kutoka 75 hadi 50 kwa wiki moja, kisha 25 kwa wiki moja. Kidonge cha mwisho nilimeza Jumapili tarehe 8 Juni 2025. Kesho yake nilianza foliki asidi, huku daktari akinionya kwamba husaidia kuzuia kasoro za uti wa mgongo lakini haijathibitika kuifuta athari ya topirameti, kwa hiyo nisiitumie kama kisingizio cha kufupisha zile wiki nne. Wiki nne ziliisha tarehe 6 Julai, na lupu ilitolewa tarehe 9.

Kipandauso kilirudi, ingawa si chote. Julai zilikuwa siku 8. Nilimeza parasetamoli mapema mstari ule unapoanza, pamoja na dawa ya kichefuchefu, nikalala chumba chenye pazia zito, na daktari aliniambia kwamba kwa wanawake wengi maumivu hupungua mimba inapofika miezi ya kati. Soda ilirudisha mchomo wake ndani ya siku chache. Maneno nayo yamerudi yote, hata yale nisiyoyahitaji.

Katika kabati vilibaki vidonge 23. Wifi yangu, mwenye umri wa miaka 22, alikuwa ameviona, naye alikuwa miongoni mwa wale waliokuwa wakinisifu kwa zile kilo tatu. Jioni moja aliniomba kwa aibu nimgawie "vile vya kupunguza mwili", kwa kuwa mimi sivihitaji tena. Nilimuuliza anatumia njia gani ya uzazi wa mpango. Akacheka, akasema, "Situmii chochote, wifi, kwani hivyo vidonge vinahusiana nini na mambo hayo?" Nilimketisha, nikamweleza kuhusu wiki ya nne hadi ya saba, na asubuhi yake nikavirudisha vyote 23 kwa mama mfamasia, ambaye alivihesabu mbele yangu na kuviweka katika boksi la dawa za kuteketezwa.